Kukagua stika ya hologramu kwenye picha kabla hujatuma hela: anza na kingo, mng'ao baadaye

Wadau wa steshenari na wote mnaoagiza tona za printa kwa simu, hii nawaandikia nyie. Mimi niko Arusha, Ngarenaro, nina printa tatu za HP LaserJet P1102 zinapiga kazi kutwa nzima, barua, mitihani ya shule, fomu za watu wa mikopo, kila kitu. Hizi printa zinatumia katriji ya 85A, kwenye boksi utaona imeandikwa CE285A, na ikiwa halisi inakupa kama kurasa 1,600 za maandishi ya kawaida. Mwaka jana niliagiza nne kwa muuzaji mmoja wa Kariakoo, akanitumia picha, stika ya usalama inameta vizuri kabisa, nikatuma hela, mzigo ukapanda na basi. Katriji ya kwanza ilianza kutoa karatasi za kijivu hata rimu moja haijaisha, ya pili ikamwaga unga ndani ya printa nikakaa siku nzima nafuta na brashi na wateja wanaondoka. Zile picha ninazo mpaka leo kwenye simu, na nilipozirudia kwa utulivu nikagundua majibu yote yalikuwa mle mle, ila mimi nilikuwa naangalia mng'ao tu.

Kwahiyo hapa naeleza ninavyokagua saivi. Natumia mfano wa boksi la tona kwasababu ndio ninalolijua kwa mikono yangu, ila hata kama unanunua betri ya simu au spea ya gari, stika ya hologramu unaikagua hivi hivi.

Kwanza elewa unachokitafuta

Hologramu zile za silva zenye rangi za upinde wa mvua hazina wino. Ni plastiki nyembamba imepigwa mhuri wa vijistari vidogo mno, mia kadhaa mpaka zaidi ya elfu moja ndani ya milimita moja, alafu juu yake ikapakwa aluminiamu nyembamba sana. Mwanga ukigonga vile vijistari unatawanyika kwa rangi, na rangi gani inakufikia jichoni inategemea umeishika kwa pembe gani. Ndio maana ukiitia kwenye mashine ya fotokopi inatoka nyeusi au kijivu, mashine inaona pembe moja tu basi. Kuna na aina nyingine ambayo rangi sio mchezo wake mkuu, mchezo wake ni kusogea, yani alama zilizo ndani ya stika zinahama kutoka hapa kwenda pale ukiinamisha boksi. Stika ya HP ninayoizungumzia hapa ni ya kusogea. Ndani yake kuna neno OK na alama ya tiki. Ukiinamisha boksi mbele na nyuma, OK na tiki zinaenda pande tofauti, ukiinamisha kulia na kushoto zinafuatana upande mmoja, moja nyuma ya nyingine.

Sasa anayetaka kukuuzia feki ana njia mbili. Ya kwanza anachapisha stika ya kwake, hii ndio ya bei rahisi na iko bapa, haina uhai. Ya pili anachukua stika halisi kutoka kwenye boksi halisi lililokwisha kutumika, anaibandua, anaibandika kwenye boksi lingine. Hii ya pili ndio inawaumiza watu wengi wajanja, kwasababu itasogea, itameta, itapita kila mtihani wa mwanga, maana stika yenyewe ni ya kweli. Kinachoisaliti ni kingo tu. Ndio maana nasema anza na kingo.

Hatua ya 1: omba picha zinazokagulika

Picha anayokutumia muuzaji kwa hiari yake huwa haitoshi, na mara nyingine sio hata ya boksi lake, kaitoa kwa mwenzake kwenye grupu. We muombe kwa heshima tu, bila kumtuhumu. Mimi ujumbe wangu uko hivi, unaweza kuunakili:

"Habari kaka, naomba unisaidie picha za ile stika ya usalama. Moja ya boksi zima upande wenye stika, nne za kona za stika kwa karibu, alafu video ya sekunde kama 15 ukiinamisha boksi taratibu mbele na nyuma, kisha kulia na kushoto, simu ikae pale pale. Weka pembeni karatasi yenye tarehe ya leo na jina langu. Nitumie kama Document tafadhali, sio picha ya kawaida."

Hiyo ya Document ina sababu yake. WhatsApp ikituma picha kawaida inaipunguza, na kinachopotea kwanza ni vitu vidogo, nyuzi za boksi, nukta za wino, mstari wa wembe. Kama hajui kutuma hivyo basi achague HD, ni afadhali kuliko kawaida.

Mwambie pia asisogeze simu karibu sana. Lenzi kuu ya simu nyingi ikifika kama sentimita 10 haishiki fokasi tena, inaleta ukungu ambao mtu anadhani ni gundi. Akae sentimita 15 mpaka 20, avute kwa mara 2, aguse skrini pale kwenye stika, ndio apige. Na mwanga utoke pembeni, dirisha au balbu moja, asiwashe flashi. Flashi iko jirani na lenzi, inapiga stika na kurudi moja kwa moja kwenye kamera, unabaki na doa jeupe katikati na huoni chochote.

Akikataa karatasi ya tarehe ila picha nyingine anatuma, mimi huwa naishia hapo. Kuandika tarehe kwenye kipande cha karatasi ni kazi ya nusu dakika kwa mtu mwenye boksi mkononi.

Hatua ya 2: kingo na kona

Fungua picha za kona moja moja, vuta mpaka ukingo wa stika ujaze skrini, kisha pita nao polepole kama unasoma mstari wa kitabu. Usiangalie katikati kabisa, bado.

Cha kwanza ni nyuzi za karatasi. Boksi ni kadi iliyochapishwa, na gundi ya stika ya usalama inashika kwa nguvu, ukibandua inaondoka na ngozi ya juu ya kadi. Anayebandika stika ya pili anaweza kufunika lile jeraha, ila ni mara chache analifunika lote. Kwahiyo nje kidogo ya ukingo utaona sehemu iliyochubuka, nyeupe au kahawia, na vinyuzi vimesimama kama manyoya. Ukiona manyoya hata kwenye kona moja tu, hilo boksi lilishabanduliwa kitu pale. Sina maelezo mengine ya manyoya pembeni ya stika, na muuzaji akiniambia ni msuguano wa njiani namuuliza mbona msuguano umechagua pale tu na kona za boksi lenyewe ambazo ndio zinagongana hazina kitu.

Cha pili ni mstari wa uchafu. Stika ikihamishwa haikai pale pale kwa usahihi, inapitiliza milimita moja mbili, na pale gundi ya zamani ilipobaki wazi vumbi linanasa. Kwenye picha unaona ukanda mwembamba wa kijivu sambamba na ukingo, upande mmoja upo na upande wa pili haupo. Hapa kwetu vumbi la Januari na Februari linafanya hii kazi vizuri sana, boksi likikaa dukani wiki moja tu mstari unajichora wenyewe.

Cha tatu ni mwili wa stika karibu na kona. Stika iliyobanduliwa ilikunjwa, hata kidogo, na tabaka la chuma halikunjiki likarudi, linapasuka. Unaona vistari vyeupe vyembamba au vya silva vinakatisha kona kwa mshazari, kama ufa kwenye kioo. Aliyetumia draya ya nywele kulainisha gundi hapati nyufa nyingi, lakini anapata mawimbi, ukingo unakuwa haujanyooka, umelegea kama nailoni iliyopitishwa jirani na moto, na kona inajikunja juu ikitupa kivuli chembamba. Hicho kivuli ndio ninachokitafuta. Kona iliyoshika vizuri haina kivuli hata mwanga utoke pembeni.

Stika nyingine zimetengenezwa zijiharibu zenyewe, ukibandua unaachiwa neno VOID au vijiboksi kama vya ubao wa drafti, kwenye boksi na kwenye stika pia. Mtu akirudishia kwa kubana sana yale maandishi yanafifia ila hayapotei, yanabaki kama kivuli. Ongeza mwangaza na kontrasti ya picha kwenye galari, mara nyingi yanajitokeza.

Mwisho angalia pale stika inapovuka mdomo wa boksi, kama inavuka. Kuna anayeacha stika ilivyo na kupitisha wembe kwenye ule mfereji. Mkato wa wembe ni mstari mnyoofu mno, wa giza, na pande mbili za stika hazikutani sawasawa, herufi iliyokuwa nzima inakuwa na ngazi ndogo katikati. Alafu omba picha ya chini ya boksi pia. Watu tunakagua juu kwenye stika, mwenzako kafungulia chini na kubandika kwa gundi ya moto, ile inayoacha matone yaliyovimba.

Hatua ya 3: je, imechapishwa bapa?

Kama kingo ni safi ndio unaingia katikati. Vuta sana kwenye kile kitu kinachotakiwa kusogea, kwa HP ni OK na tiki, usiangalie maandishi ya kawaida wala msimbo wa QR, maana hivyo hata kwenye stika halisi vimechapwa kwa wino.

Printa na mashine za uchapaji zinatengeneza rangi kwa nukta, samawati, pinki, njano na nyeusi. Kwenye picha nzuri utaziona, na ukingo wa herufi unakuwa wa kukwaruza, kama umechongwa na msumeno. Ila kuwa makini usichanganye nukta na vijiboksi vya mraba. Picha iliyobanwa na simu inagawanyika vipande vya mraba vyenye ukubwa sawa na vimejipanga picha nzima, mpaka kwenye meza na kidole cha muuzaji. Nukta za wino ziko kwenye stika peke yake. Ukiona miraba kila mahali, hiyo picha haina jibu, omba nyingine.

Dalili nyingine ya kuchapwa bapa ni mng'ao mweupe. Feki nyingi ni karatasi ya silva imechapwa juu yake, inang'aa kweli, lakini inang'aa kama sufuria, yani doa jeupe la mwanga linatembea juu na rangi ya chini haibadiliki, iliyokuwa bluu inabaki bluu, inafifia tu na kukolea. Hii ndio ilinipoteza mimi mwaka jana.

Na kuna feki ya kati ambayo lazima uijue. Zinauzwa karatasi za stika zenye upinde wa mvua tayari, za mapambo, mtu anachapa OK na tiki juu yake. Video yake inapendeza sana, rangi zinakimbia kila upande. Weka macho kwenye neno, sio kwenye rangi. Upinde unapita nyuma, neno limesimama pale pale kama nguzo ya umeme na magari yanapita.

Hatua ya 4: pima kama imesogea kweli

Jicho linadanganyika kwenye hili, boksi likiinama kila kitu kinaonekana kimesogea. Kwahiyo mimi napima kwa rula, na nitawaonyesha kwa zile picha zangu za tona feki.

Muuzaji alinitumia picha mbili, moja boksi limesimama, moja limeinamishwa nyuma. Nilikata stika kwenye kila picha nikaiweka kwenye skrini ya laptopu. Picha ya kwanza stika ilikuwa na upana wa milimita 60, na kutoka ukingo wa kushoto mpaka mwanzo wa herufi O ni milimita 15. Gawanya 15 kwa 60 unapata robo. Picha ya pili alikuwa amesogea mbali kidogo, stika ikawa milimita 48, na mpaka kwenye O ni milimita 12. Gawanya 12 kwa 48, robo tena. Kwa macho ilikuwa imehama, kwa rula haijahama hata kidogo. Tiki nayo hivyo hivyo. Hiyo ni picha iliyochapwa, basi.

Ukitumiwa video ni rahisi zaidi, isimamishe sehemu mbili, piga skrinshoti, pima. Stika halisi niliyopima baadae, OK ilianzia milimita 20 kwenye upana wa 60, yani theluthi, na baada ya kuinamisha ikawa milimita 33, imepita nusu, na tiki ikawa imekwenda upande wa pili. Tofauti kama hiyo huitafuti, inajileta. Kinachokupa shaka cha milimita moja ni makosa ya rula, usihukumu kwa hicho.

Unataka kuzoesha jicho lako bure? Angalia kadi yako ya benki kama ina ile hologramu. Visa wanaweka njiwa tangu 1984 na Mastercard walianza na hologramu yao mwaka 1983, japo kadi nyingi mpya hazina tena. Ishike chini ya balbu moja, inamisha taratibu, njiwa anakuwa kama anapiga mbawa. Kisha piga picha hiyo sehemu peke yake, namba zifunike kwa kidole na picha uifute ukimaliza, uone mwenyewe kitu cha kweli kinavyotokea kwenye kamera ya simu. Utashangaa ni kibaya kiasi gani ukipiga kivulini.

Mawingu yanavyoponza boksi zuri

Hapo ndipo inabidi niseme hadithi yangu ya pili, mwezi wa 7 mwaka jana, nilipokuwa natafuta tona mpya baada ya kuumia. Nilikuwa na wauzaji wawili. Mmoja wa Kariakoo, tofauti na yule wa kwanza, na mwingine mama mmoja wa Moshi, ana duka dogo la vifaa vya ofisi.

Yule wa Dar video yake ilikuwa safi sana. Jua linawaka, OK inaenda huku, tiki inaenda kule, nikapima kwa rula ikakubali. Dogo wangu wa dukani akaniambia bosi lipa hii, za huyu ndio zenyewe. Ila nilikuwa nimejiwekea sheria ya kuanza na kingo na picha za kona alikuwa hajatuma, nikamuomba, akatuma mbili tu. Kona ya chini kulia ilikuwa na kivuli, chembamba kama unywele. Nikavuta zaidi, juu ya kivuli kuna vistari vitatu vyeupe vya mshazari, na nje ya ukingo kuna kijisehemu cha kadi kimechubuka, ukubwa wa punje ya mchele hivi. Nikamuuliza kwa upole, "Kaka hii kona imekuwaje?" Akajibu, "Boss hiyo ni joto la Dar tu, stika zote ziko hivyo." Nikamuomba kona mbili zilizobaki na picha ya boksi lingine la kundi lile lile, kama ni joto basi na lingine litakuwa hivyo. Hakujibu tena. Stika ya kweli, boksi lililobanduliwa.

Yule mama wa Moshi picha zake zilikuwa zimepooza kabisa. Stika ya kijivu, hakuna kinachong'aa, OK inaonekana kwa mbali, ungesema imechapwa na printa ya kawaida. Kingo lakini zilikuwa nzuri mno, kona nne zimelala, kadi haina hata mkwaruzo. Nikakumbuka ni Julai. Nyie wa huku mnajua Moshi na Arusha mwezi wa 6 na wa 7, mawingu toka asubuhi, mlima huuoni, mwanga unatoka kila upande kwa pamoja na hauna nguvu. Hologramu inahitaji mwanga kutoka sehemu moja, balbu moja, tochi, au jua lenyewe. Mwanga wa mawingu au wa tyubu laiti ndefu unaleta kila pembe kwa wakati mmoja, pembe zinafutana, stika halisi inakuwa kama bati. Na simu nazo zinachangia, nyingi zinapiga picha kadhaa kwa mpigo na kuziunganisha ili ziwe na mwanga sawa, hapo kilichobaki cha mng'ao kinasawazishwa.

Nikampigia. "Mama shikamoo, samahani nakusumbua, una tochi hapo dukani?" Akacheka, "Marahaba mwanangu, ninayo ya simu ya binti yangu." Nikamwomba azime taa za duka, binti ashike tochi pembeni kama mita moja, isihame, yeye arekodi na simu yake huku anainamisha boksi polepole. Video iliyokuja ilikuwa ya giza giza na inatikisika, lakini ndio hiyo niliyowaambia, theluthi ikawa zaidi ya nusu, tiki imevuka upande wa pili. Nikalipa.

Kwahiyo kupooza peke yake hakuhukumu boksi. Kama kingo ni nzuri na picha imepooza, badilisha mwanga kwanza kabla hujamwita mtu tapeli. Kama kingo ni mbaya, hata stika ing'ae namna gani usiendelee kupima.

Vitu ambavyo picha haiwezi kukuambia

Picha nzuri inakupa sababu ya kukataa, sababu ya kukubali inakupa nusu tu. Haikuambii ndani ya boksi kuna nini. Msimbo wa QR nao kwenye picha usiuamini kwasababu unasomeka tu, msimbo ni picha kama picha nyingine, ukitolewa fotokopi unasomeka vile vile na unakupeleka kule kule. Ukiuskani angalia umefungua anuani gani, HP wana ukurasa wao wa kuhakiki, hp.com/go/ok, ukiona imekupeleka kwenye jina linalofanana fanana hivi, lenye herufi zimeongezwa, funga.

Alafu picha za boksi moja ni za boksi moja. Nilikuwa nanunua nne kwa yule mama, nikaomba kona za yote manne, alinivumilia, Mungu ambariki.

Mzigo ulipofika ofisi ya mabasi sikuondoka nao. Nilifungua karatasi ya nje pale pale kaunta, dogo anarekodi, nikaweka picha za Moshi kwenye simu pembeni ya maboksi na kuangalia alama ndogo ndogo. Boksi la pili lilikuwa na mkunjo kwenye kona ya juu kushoto na mkwaruzo wa kalamu ya bluu karibu na namba CE285A, vyote vilikuwa kwenye picha, kwahiyo ni maboksi yale yale niliyolipia, hayajabadilishwa njiani. Nikayainamisha moja moja chini ya balbu ya ofisi, mbele nyuma, kulia kushoto. Ndio nikasaini kupokea.